Shilingi Inaposhuka Thamani: Njia Ambayo Bei ya Dola Hupita Mpaka Kufika Jikoni

Katika miaka ya karibuni neno "dola imepanda" limekuwa jibu la maswali mengi. Ukiuliza kwa nini dumu la mafuta ya kupikia limepanda bei, dola imepanda. Ukiuliza kuhusu nauli, vipuri vya pikipiki, sabuni au dawa, dola imepanda. Mara nyingine jibu hilo ni la kweli kabisa. Mara nyingine ni la kweli nusu. Na mara nyingine dola haihusiki hata kidogo. Katika makala hii tunapenda kueleza, kwa mfano wa Tanzania na kwa hesabu ambazo kila mtu anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi, ni kwa njia gani kushuka kwa thamani ya shilingi hufika katika bajeti ya familia, kwa nini bidhaa mbalimbali haziguswi kwa kiasi kimoja, na kwa nini bei iliyopanda kwa sababu hiyo huwa nzito kushuka.

Kilichotokea kati ya 2023 na 2024

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa takriban shilingi 2,300 za Tanzania. Kufikia Oktoba 2024 dola hiyohiyo ilihitaji takriban shilingi 2,700. Kisha, katika majuma machache tu, shilingi ilipata nguvu, na mwezi Desemba 2024 dola ilishuka mpaka takriban shilingi 2,400, kabla ya kupanda tena katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2025.

Sababu za mwendo huo zilikuwa zaidi ya moja. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mpaka zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023, na wenye mitaji duniani wakapendelea kuweka fedha zao katika dola. Wakati huohuo vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea, hivyo nchi kama yetu ikahitaji dola nyingi zaidi ili kununua kiasi kilekile cha bidhaa. Mwaka 2023 hali ilifika mahali ambapo waagizaji wengi walikosa dola za kutosha benki, wakalazimika kusubiri au kuzitafuta kwa bei iliyo juu ya kiwango kilichotangazwa. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana wakati wa uhaba kiwango rasmi cha siku hakionyeshi gharama yote ambayo mwagizaji ameilipa.

Tena kuna majira. Katika nusu ya pili ya mwaka, hasa kuelekea Desemba, dola huingia kwa wingi kutokana na mauzo ya korosho, tumbaku, kahawa na pamba, pamoja na watalii wanaofika kuanzia katikati ya mwaka. Katika nusu ya kwanza mapato hayo hupungua, na shilingi kwa kawaida huwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo sehemu ya mabadiliko tunayoyaona ni ya msimu, na sehemu nyingine ni ya muda mrefu.

Kabla ya kuendelea, tusawazishe hesabu moja ambayo huwachanganya wengi. Dola ikitoka shilingi 2,300 mpaka 2,700, bei ya dola imepanda kwa asilimia 17 na kidogo. Lakini shilingi yenyewe imepoteza thamani kwa karibu asilimia 15: shilingi 100,000 ambazo zingenunua dola 43 na senti kadhaa sasa zinanunua dola 37 tu. Kauli zote mbili ni sahihi. Zinatazama jambo moja kutoka pande mbili. Kwa mnunuzi wa bidhaa kutoka nje, hesabu inayomhusu ni ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoeleza ni shilingi ngapi zaidi zitahitajika.

Bei mbili ndani ya bei moja

Kila bidhaa inayotoka nje ya nchi imebeba bei mbili zilizozidishwa pamoja. Ya kwanza ni bei ya bidhaa hiyo katika soko la dunia, iliyoandikwa kwa dola. Ya pili ni bei ya dola yenyewe, iliyoandikwa kwa shilingi. Bei mojawapo ikibadilika, mnunuzi wa mwisho ataliona badiliko hilo, lakini hataweza kujua ni ipi iliyobadilika kwa kutazama kibao cha bei peke yake.

Petroli inatupa ushahidi mzuri wa jambo hili. Mwaka 2022 shilingi ilikaa karibu pale pale, kwenye takriban 2,300 kwa dola, lakini bei ya petroli jijini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku kuanzia Juni mwaka huo. Aliyesema wakati ule kwamba petroli imepanda kwa sababu ya dola alikosea: kilichopanda kilikuwa bei ya dunia. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2024 mambo yalikuwa kinyume. Shilingi ilifikia udhaifu wake mkubwa mwezi Oktoba, lakini bei ya petroli ilikuwa ikishuka, kwa kuwa bei ya dunia ilishuka kwa nguvu kuliko dola ilivyopanda. Hapo udhaifu wa shilingi haukuonekana kama ongezeko la bei. Ulionekana kama nafuu iliyofika ikiwa imepunguzwa.

Kwa nini mafuta ya kupikia hupanda kuliko petroli

Sasa tuingie katika jambo ambalo halizungumzwi mara nyingi. Dola ikipanda kwa asilimia 17, petroli haipandi kwa asilimia 17, ilhali mafuta ya kupikia yanaweza kupanda karibu kwa kiasi hicho. Sababu kubwa ni namna kodi inavyotozwa.

Tuanze na petroli. Kodi na tozo kubwa zilizo juu yake, yaani ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya mafuta, hupangwa kwa shilingi kwa kila lita. Lita ni lita. Tozo haibadiliki kwa sababu dola imepanda. Tuchukue namba za mfano, zisizo mbali na hali halisi. Tuseme lita moja inafika bandarini kwa dola 0.70, kodi na tozo zote ni shilingi 1,000, na gharama na faida za ndani ni shilingi 250. Dola ikiwa shilingi 2,300, lita imefika kwa shilingi 1,610, na bei ya kituoni ni shilingi 2,860. Dola ikipanda mpaka 2,700, lita hiyohiyo inafika kwa shilingi 1,890, na bei ya kituoni inakuwa shilingi 3,140. Ongezeko ni shilingi 280, yaani karibu asilimia 10. Tozo zisizobadilika zimekuwa kama uzito unaopunguza mtikisiko.

Mafuta ya kupikia yana habari nyingine. Nchi yetu haijitoshelezi kwa mafuta ya kula. Kiasi kikubwa ni mafuta ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, na hapa nchini husafishwa na kufungashwa. Kodi zake hutozwa kwa asilimia ya thamani. Tuseme mafuta ya kujaza dumu la lita 20 yanafika bandarini kwa dola 20, ushuru wa forodha ni asilimia 25, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18. Dola ikiwa 2,300, thamani ni shilingi 46,000. Ushuru ni 11,500, jumla 57,500. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni 10,350, na jumla kuu inakuwa shilingi 67,850. Dola ikiwa 2,700, thamani ni shilingi 54,000. Ushuru ni 13,500, jumla 67,500. Kodi ya pili ni 12,150, na jumla kuu ni shilingi 79,650.

Tuitazame tofauti hiyo kwa makini. Mafuta yenyewe yameongezeka bei kwa shilingi 8,000, lakini dumu limeongezeka kwa shilingi 11,800. Shilingi 3,800 zilizozidi ni kodi juu ya ongezeko. Hakuna sheria iliyobadilishwa wala kiwango cha kodi kilichopandishwa. Asilimia zilezile zimetozwa juu ya namba iliyokua. Tukiongeza shilingi 8,000 za kusafisha, kufungasha na kusafirisha, ambazo tuchukulie hazijabadilika, dumu limetoka shilingi 75,850 mpaka 87,650, ongezeko la karibu asilimia 16.

Hapo tunapata kanuni moja rahisi. Ili kujua bidhaa itaguswa kiasi gani, tuulize maswali mawili: ni sehemu gani ya bei yake imelipwa kwa dola, na je, kodi zake ni za kiasi maalumu au za asilimia? Bidhaa ambayo sehemu kubwa ya bei yake ni dola, na kodi zake ni za asilimia, itafuata dola karibu hatua kwa hatua.

Bidhaa za nyumbani nazo hazisalimiki

Mtu anaweza kusema: basi tutanunua mafuta ya alizeti ya Singida au Dodoma, na dola haitatufikia. Ni wazo jema, na linasaidia mkulima wetu, lakini lina mpaka wake. Mafuta ya alizeti na mafuta ya mawese yanauzwa katika rafu moja kwa wanunuzi walewale. Ya mawese yakipanda, wanunuzi wengi huhamia kwenye alizeti, na mwenye kinu huona kwamba anaweza kuuza kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo bei ya alizeti hupanda pia, ijapokuwa imelimwa na kukamuliwa hapa nchini. Tofauti ni kwamba ongezeko hilo hubaki nchini, mikononi mwa mkulima na mwenye kinu. Kwa mlaji, hata hivyo, kikapu kimekuwa kizito vilevile.

Mahindi na maharage huguswa kwa njia ya pole zaidi. Lori lililoyaleta kutoka Rukwa, Songwe au Ruvuma linatumia dizeli, matairi na vipuri vilivyonunuliwa kwa dola. Mbolea nyingi pia hutoka nje, na athari yake huchelewa kwa msimu mzima: mbolea iliyonunuliwa kwa bei ya juu mwezi Novemba huonekana katika bei ya mahindi ya mwaka unaofuata. Mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023 umepunguza sehemu ya mzigo huo kwa mkulima aliyesajiliwa. Lakini kwa vyakula hivi mvua ndiyo msemaji mkuu. Bei ya mahindi ikipanda mara mbili katika mwaka wa ukame, dola haina sehemu kubwa katika jambo hilo.

Hili ndilo linaloeleza kitendawili kilichowashangaza wengi. Katika mwaka 2024, shilingi ilipokuwa ikishuka, mfumuko wa bei uliotangazwa ulibaki karibu asilimia 3. Watu walijiuliza: namba hiyo inatoka wapi, ikiwa sokoni tunaumia? Mfumuko wa bei ni wastani wa kikapu kikubwa cha bidhaa na huduma za nchi nzima, na ndani yake kuna kodi za nyumba, vyakula vya nchini na huduma ambazo hazikupanda sana. Katika kikapu hicho chakula na vinywaji visivyo na kileo vina uzito wa takriban asilimia 28. Familia inayotumia zaidi ya nusu ya kipato chake kwa chakula, na inayosafiri kwa daladala kila siku, ina kikapu tofauti kabisa. Wastani wa nchi unaweza kuwa sahihi, na familia hiyo ikawa inaumia kwa kweli.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue familia ya mfano ya watu watano katika mji wa wastani, yenye kipato cha shilingi 600,000 kwa mwezi. Unga, mchele, maharage, mboga na dagaa huchukua shilingi 180,000. Kodi ya nyumba ni 100,000. Nauli ni 60,000, yaani safari 120 za shilingi 500. Ada na mahitaji ya shule ni 60,000. Sukari na mkate ni 35,000, mafuta ya kupikia 25,000, mtungi mdogo wa gesi 25,000, umeme na maji 25,000, sabuni 20,000, dawa 20,000, simu 15,000, michango na sadaka 20,000. Akiba ni shilingi 15,000.

Dola inapanda kwa asilimia 17 kama tulivyoona. Mafuta ya kupikia yanaongezeka kwa takriban shilingi 4,000. Tukadirie kwamba mkate na sukari, gesi, sabuni na dawa vinapanda kwa asilimia 10: hapo tunapata shilingi 3,500, 2,500, 2,000 na 2,000. Mpaka sasa ongezeko ni shilingi 14,000.

Kisha inakuja nauli, ambayo ina tabia yake ya pekee. Kwa kuwa hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, haipandi kila mwezi. Hukaa kimya kwa muda mrefu wakati gharama za wenye vyombo zinaongezeka. Siku inapopanda, hupanda kwa ngazi, kutoka shilingi 500 mpaka 600, kwa kuwa hakuna anayeweza kudai shilingi 528 mlangoni mwa daladala. Safari zilezile 120 sasa ni shilingi 72,000, ongezeko la 12,000. Jambo moja hili linakaribia kulingana na bidhaa nyingine zote tulizozitaja zikijumlishwa.

Jumla ya ongezeko ni shilingi 26,000, sawa na asilimia 4 na kidogo ya kipato. Kwa mtazamaji wa mbali namba hiyo ni ndogo: dola imepanda kwa 17, familia imeguswa kwa 4. Lakini ongezeko halitolewi katika kipato chote. Hutolewa katika kile kilicho huru, na kodi ya nyumba, ada na unga haviko huru. Akiba ya shilingi 15,000 inakwisha yote, na bado zinakosekana shilingi 11,000. Hizo hutafutwa mahali ambapo hakuna mwenye kudai: maharage yanapungua, dagaa wanaliwa mara moja badala ya mara tatu, dawa ya shinikizo la damu inanunuliwa ya wiki mbili badala ya mwezi. Madhara ya dola, kwa hiyo, mara nyingi huonekana katika vitu ambavyo havikupanda bei kabisa. Ukitaka kujua kama nyumba imeguswa, usitazame tu kilichopanda. Tazama kilichoacha kununuliwa.

Kwa nini bei haishuki dola inaposhuka

Desemba 2024 dola iliposhuka kutoka takriban 2,700 mpaka 2,400, wengi walitarajia bei zishuke sokoni mara moja. Wafanyabiashara wengi walisita, na sababu zao hazikuwa zote za ulafi.

Mwenye duka aliyelipia mzigo dola ikiwa 2,700 ana mzigo wa gharama hiyo mpaka uishe. Bidhaa hutumia majuma kadhaa baharini, kisha bandarini na ghalani. Mafuta ya magari yana utaratibu ulio wazi zaidi: huagizwa kupitia Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, na EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikitumia gharama za shehena zilizokwisha nunuliwa. Ndiyo maana badiliko la dola la mwezi huu huonekana kituoni baadaye. Pia mfanyabiashara aliyeona dola ikishuka mwezi Desemba alijua kwamba kuanzia Januari dola za mazao hupungua. Kushusha bei kwa nafuu ya mwezi mmoja, kisha kuipandisha tena, kungemgharimu wateja.

Lakini lipo jambo ambalo si la haki, na mnunuzi anapaswa kulitambua. Dola inapopanda, wapo wanaouza mzigo wa zamani kwa bei mpya, wakisema watahitaji fedha zaidi kununua mzigo unaofuata. Dola inaposhuka, watu haohao huuza kwa bei ya zamani, wakisema mzigo huu walinunua kwa gharama kubwa. Kila sababu ina mantiki ikisimama peke yake. Kuzitumia zote mbili, kila moja inapomfaa muuzaji, ni kumfanya mnunuzi alipe mara mbili. Kipimo kizuri ni muda. Bidhaa inayouzwa haraka, kama mafuta ya kupikia, inapaswa kuonyesha nafuu ndani ya miezi miwili au mitatu iwapo dola imebaki chini na bei ya dunia haijapanda. Ikipita miezi hiyo bila badiliko katika duka moja, ilhali maduka mengine yameshusha, jibu la "dola" halitoshi tena.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Familia haiwezi kubadilisha kiwango cha dola, lakini inaweza kujua imejiweka wapi mbele yake. Tunapendekeza kazi moja ya jioni moja. Andikeni matumizi ya mwezi katika safu tatu: yanayofuata dola kwa karibu, kama mafuta ya kupikia, gesi, ngano, sabuni na dawa, yanayoifuata kwa kuchelewa, kama nauli na vyakula vinavyosafirishwa kutoka mbali, na yasiyoifuata, kama kodi ya nyumba iliyokubaliwa kwa shilingi. Jumla ya safu ya kwanza itawaonyesha kiasi cha kutenga mapema. Katika familia ya mfano wetu safu hiyo ni shilingi 125,000, na ongezeko lake ni shilingi 14,000. Nauli huja baadaye. Familia inayolijua hilo inaweza kuamua yenyewe nini kipungue, kabla upungufu haujaangukia dawa na chakula cha watoto.

Mikataba nayo itazamwe. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutaja au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, isipokuwa katika mambo machache yaliyoruhusiwa. Mpangaji, au mzazi anayelipa ada, akidaiwa "shilingi zinazolingana na dola kadhaa", atambue kwamba anabebeshwa hatari ya ubadilishaji ambayo kanuni zimekusudia kumwondolea. Zahanati au shule inayotaka kununua mashine, dawa nyingi au mitambo ya umeme wa jua iombe bei kwa shilingi iliyoandikwa, pamoja na tarehe ambayo bei hiyo itakoma. Bei isiyo na tarehe hubadilika siku ya malipo.

Kununua dola na kuziweka ndani, kama wengine walivyofanya mwaka 2024, si kinga kwa familia ya kawaida. Aliyenunua kwa 2,700 mwezi Oktoba alipoteza shilingi 300 kwa kila dola kufikia Desemba, mbali na tofauti ya bei ya kununua na kuuza katika duka la kubadilisha fedha. Kulimbikiza madumu ya mafuta nako kunafunga fedha ambazo ugonjwa au msiba unaweza kuzihitaji kesho.

Mwisho, jibu la "dola imepanda" linaweza kupimwa. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kiwango cha ubadilishaji kila siku ya kazi, na EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Andikeni kiwango hicho katika daftari la nyumbani kila tarehe moja, na pembeni yake bei ya bidhaa tatu mnazozinunua daima. Baada ya mwaka mmoja ukurasa huo utawaonyesha ni bei ipi iliyoifuata dola ilipopanda na iliposhuka, na ni ipi iliyoifuata ilipopanda tu.